Sindano ya Maumivu Imeshafanya Kazi, Mapigo Bado Yanapanda

Ndani ya kadi ya kliniki ya mdogo wangu kuna karatasi ambayo nimeikataza familia nzima kuitupa. Ni risiti ya duka la dawa, na nyuma yake nimeandika kwa kalamu nyekundu saa upande wa kushoto na namba upande wa kulia. Namba zenyewe ni 102, 94, 98, 110, 114, 120, 128. Hayo ni mapigo ya moyo ya mdogo wangu katika saa nne na nusu baada ya kutolewa thieta alikojifungua kwa upasuaji.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji ya wanaume kwa miaka 11, lakini jioni ile sikuwa kazini wala haikuwa hospitali yangu. Nilikuwa dada wa mgonjwa, nimekaa kwenye stuli ya plastiki na chupa ya uji miguuni. Naandika haya kwa ajili ya yeyote atakayekaa kwenye stuli kama ile, kwa sababu swali lililonitesa usiku ule ndilo ninaloulizwa na ndugu wa wagonjwa karibu kila zamu: "Sista, mbona moyo wake unaenda mbio? Ni maumivu, au kuna kitu?"

Mara nyingi jibu ni maumivu. Niseme hivyo kwanza, maana sitaki mtu asome hapa halafu akeshe anatetemeka kwa kila namba iliyozidi 100.

Mtu mzima aliyetulia mapigo yake huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Ukimpasua, hata akiwa amelala kwa ganzi na hajui kitu, mwili unajua kwamba umekatwa. Unamwaga adrenalini na homoni nyingine za kukabili hatari kwenye damu, moyo unaongeza kasi, mishipa inabana. Ganzi ikiisha na kidonda kikaanza kuuma, mwili unamwaga tena. Kwa hiyo mtu ambaye siku zote mapigo yake ni 75, ukimkuta na 90 au 95 siku ya kwanza na ya pili baada ya upasuaji, hilo ni jambo la kutegemewa. Akijigeuza kitandani, akikohoa huku ameshika kidonda, au akiinuka mara ya kwanza kwenda chooni, unaweza kukuta 110 kwa dakika chache. Homa nayo inachangia: joto likipanda kwa nyuzi 1, mapigo huongezeka kama 10. Kuna na dawa za thieta, kama atropini, efedrini na ketamini, ambazo huharakisha moyo kwa muda, na kutetemeka kwa baridi baada ya ganzi ya mgongoni hufanya hivyo hivyo.

Sababu zote hizi zina tabia moja ambayo ndiyo naitegemea kazini. Ukiondoa kilichopandisha mapigo, mapigo yanashuka.

Kuna mzee mmoja tulimpokea wodini kwetu, amefanyiwa upasuaji wa ngiri kwa ganzi ya mgongoni. Jioni mwanawe alikuja mezani mbio. Mzee alikuwa anahangaika, anavuta shuka, jasho linamtoka kwenye paji la uso, mapigo 108 na presha 165 kwa 95. Kijana alikuwa na hakika baba yake anakufa. Nikamwamkia, "Shikamoo baba, wapi panauma?" Akanionyesha chini ya kitovu, siyo kwenye kidonda. Nilipoweka mkono pale nilikuta uvimbe wa mviringo, mgumu, umefika karibu na kitovu. Hakuwa amekojoa tangu asubuhi, kwa kuwa ganzi ya mgongoni hulaza kibofu, na kwa mzee mwenye tezi dume kibofu huchelewa zaidi kuamka. Tulimwekea mpira wa mkojo, ikatoka mililita 800. Nilipompima baada ya dakika 20 alikuwa na 82, na anauliza kama kuna chai.

Angalia vitu viwili kwa mzee yule. Mapigo yalipanda pamoja na presha, mikono ikiwa ya moto na mapigo kwenye kifundo yakigonga kwa nguvu. Hiyo ndiyo sura ya maumivu: mwili una damu ya kutosha na unaisukuma kwa hasira. Cha pili, tulipoondoa sababu, namba zilirudi zenyewe ndani ya nusu saa. Kama zingebaki palepale, tungeanza kutafuta kitu kingine.

Sasa nirudi kwenye stuli yangu.

Mdogo wangu ana miaka 26, na hii ilikuwa operesheni yake ya pili ya uzazi. Asubuhi kabla ya thieta mapigo yake yalikuwa 88 na presha 116 kwa 70. Kwa mjamzito wa miezi tisa 88 ni ya kawaida kabisa, kwa sababu mimba peke yake huongeza mapigo kwa 10 hadi 20. Namba hii ya kabla ya upasuaji ni dhahabu, na ndugu wengi hawaiulizi. Bila hiyo hujui 100 ya leo imetoka wapi. Kwa mwanariadha ambaye kawaida yake ni 54, namba 95 ni mbio. Kwa mama mwenye upungufu wa damu aliyeingia thieta na 98, ni kawaida yake.

Alitolewa thieta saa 10:20 jioni. Mtoto wa kike, kilo 3.2, analia vizuri. Saa 10:40 nikahesabu mapigo: 102. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, na kwenye dripu kulikuwa na oksitosini ya kuubana mfuko wa uzazi, dawa ambayo nayo huweza kuchangamsha moyo. Sikushtuka. Nikamwongezea blanketi. Saa 11:30 akawa na 94, na hivyo ndivyo nilivyotarajia.

Saa 12:30 jioni, 98. Vidole vya miguu vilianza kucheza, maana yake ganzi inaondoka, na akaanza kusema kidonda kinachoma. Saa 1:15 usiku, 110. Nikamuuliza, kama ninavyowauliza wagonjwa wangu, "Maumivu yasiyokuwepo ni sifuri, na makali kuliko yote ni kumi, wewe uko wapi?" Akasema saba. Nesi wa zamu alikuja akampa sindano ya mofini, akaangalia pedi, ambayo haikuwa imelowa sana, akabonyeza tumbo chini ya kitovu na kukuta mfuko wa uzazi umejikaza kama inavyotakiwa. Akaniambia, "Ni maumivu tu dada, itashuka." Nilikubaliana naye. Pale alipokuwa amesimama, na kwa alichokuwa nacho mbele ya macho yake, hata mimi ningesema vile. Alikuwa peke yake na kina mama zaidi ya thelathini.

Nikaandika saa ya sindano kando ya namba. Hii ni tabia ninayowaomba ndugu waige. Namba ya mapigo bila saa na bila dawa haisemi kitu, ila ukiandika "saa 1:20, sindano," umejiwekea mtihani. Mofini ya sindano huwa imeshaanza kufanya kazi ndani ya nusu saa. Kama mapigo yalipandishwa na maumivu, ndani ya nusu saa mpaka saa moja yatashuka pamoja nayo.

Saa 2:00 usiku mdogo wangu alikuwa anasinzia. Nikamuuliza tena, akasema mbili au tatu, akafumba macho. Nikashika mkono wake, nikahesabu dakika nzima. 114.

Pale ndipo tumbo langu lilipokatika. Maumivu yameshuka kutoka saba mpaka mbili, mapigo yamepanda kutoka 110 mpaka 114. Namba nne siyo nyingi, na mtu asiyejua angeona ni kitu kilekile, lakini upande zilipoelekea haukuwa sahihi. Sababu tuliyokuwa tunaitaja ilikuwa imeondoka, na mapigo yalikuwa yanapanda bila hiyo.

Niseme kidogo ninachohofia katika hali kama hii. Mtu mzima wa kilo 60 ana damu kama lita 4 na kidogo. Akipoteza lita moja, mwili haukubali presha ianguke. Unabana mishipa ya ngozi, ya mikono na ya figo, unaongeza kasi ya moyo, na kile kidogo kilichobaki kinazungushwa harakaharaka ili ubongo upate. Kwa kijana mwenye moyo mzima presha inaweza kusimama vizuri mpaka karibu theluthi ya damu iwe imepotea, halafu inaanguka ghafla. Mama aliyetoka kujifungua anaficha zaidi, kwa sababu mimba ilishamwongezea damu karibu nusu ya ile ya kawaida. Ndiyo maana presha ikiwa nzuri haimaanishi mama hatoki damu. Mapigo yanatangulia.

Nikaanza kutafuta dalili nyingine zilizofuatana na mapigo, maana mapigo peke yake ni shahidi mmoja. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na baridi ile ilipanda mpaka juu ya kifundo. Nikabonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka ukawa mweupe, nikauachia, nikahesabu polepole: wekundu ulirudi baada ya sekunde nne hivi, wakati kwa kawaida haitakiwi kuzidi mbili. Alikuwa anapumua mara 24 kwa dakika, na mtu aliyepewa mofini akasinzia alitakiwa apumue polepole, siyo haraka. Nikainama kuangalia mfuko wa mkojo chini ya kitanda. Kwa saa nzima iliyopita ulikuwa umeongezeka mililita 20 tu, na rangi yake ni ya chai ya rangi. Kwa uzito wake nilitegemea 30 au zaidi. Figo zilikuwa zimeshaanza kubana matumizi.

Halafu akafumbua macho akasema, "Dada, bega linaniuma." Bega la kulia, juu kabisa. Hakuna aliyemgusa begani. Lakini damu ikimwagika tumboni na kufika juu chini ya mbavu, inachokoza kiwambo cha kupumulia, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatokea shingoni, karibu na ile ya bega. Ubongo unachanganya mahali. Maumivu ya bega peke yake wengine hupata baada ya upasuaji wa tumbo kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani, na hayo hupita. Yakija pamoja na mapigo yanayopanda na mikono ya baridi, ni habari nyingine kabisa.

Saa 2:30: mapigo 120, presha 112 kwa 74. Nesi alipoiona ile presha akapumua. Mimi sikupumua.

Kuna hesabu ndogo ambayo kila ndugu anaweza kuifanya kwa simu yake. Chukua mapigo, gawanya kwa namba ya juu ya presha. Asubuhi mdogo wangu alikuwa na 88 gawanya kwa 116, ambayo ni 0.76. Sasa alikuwa na 120 gawanya kwa 112, yaani 1.07. Kwa mama aliyejifungua, jibu likifika 0.9 ni la kuamsha watu. Likivuka 1, mapigo yameipita presha, na hapo hakuna kusubiri asubuhi. Hesabu hii haikuambii ugonjwa ni upi. Inakuambia tu kwamba moyo unafanya kazi kubwa kuliko presha unayoiona, na inakusaidia pale ambapo kila namba ukiitazama peke yake inaonekana si mbaya sana. Tena angalia namba mbili za presha: asubuhi 116 na 70 zilipishana kwa 46, sasa 112 na 74 zilipishana kwa 38. Zinakaribiana, na hiyo ni mishipa inayobana.

Nikamfuata nesi mezani. Kwa miaka mingi nimekuwa upande wa pili wa meza ile, najua ndugu akija akasema "mgonjwa wangu hajisikii vizuri," neno hilo linaingia kwenye foleni ya mengine ishirini. Nikamwekea karatasi mbele. Nikamwambia, "Sista, mapigo yake yamepanda mara nne mfululizo. Alipewa mofini saa 1:20, maumivu yameshuka kutoka saba mpaka mbili, na mapigo yametoka 110 mpaka 120. Mkojo ni mililita 20 kwa saa. Mikono ni ya baridi na bega linamuuma. Namwomba daktari aje sasa hivi." Alisoma ile karatasi, akainua simu nikiwa nimesimama palepale. Namshukuru mpaka leo, kwa sababu wengine wangesema kwanza wamalize dawa za saa tatu.

Daktari alikuja saa 3:00. Mapigo 128, presha 104 kwa 76, tumbo limeanza kukaza. Wakaleta mashine ndogo ya altrasaundi kitandani, wakaona majimaji mengi tumboni. Wakafungua dripu mbili, wakaomba damu, na saa 3:40 alirudishwa thieta. Walikuta mshipa kwenye kona ya mshono wa mfuko wa uzazi unavuja, na ndani damu pamoja na mabonge vinakaribia lita moja na nusu. Ndiyo maana pedi ilikuwa karibu kavu na mfuko wa uzazi umejikaza: damu haikuwa inatoka kwa njia ambayo watu wanaangalia. Alifungwa ule mshipa, akapewa chupa tatu za damu.

Asubuhi mama yetu alipofika na kusikia mapigo ni 104, alitaka kupiga kelele. Nikamkalisha, kwa kuwa hii 104 haikuwa ndugu wa ile 110 ya jana. Wingi wa damu wa mdogo wangu ulikuwa 7.8, na mtu mwenye damu kidogo lazima moyo uzunguke haraka kufikisha oksijeni ileile. Lakini alikuwa wa moto mikononi, mkojo mililita 60 kwa saa, anapumua 18, na kila tulipompima namba ilikuwa ileile au chini kidogo. Siku ya pili 96. Siku ya nne 90, ingawa akisimama yalikuwa yanaruka mpaka 115 kisha yanatulia, na tulimzuia kwenda kuoga peke yake kwa sababu hiyo.

Nieleze namna ya kuhesabu, maana nimeona watu wanashika mkono upande usio na kitu. Mgonjwa apumzike dakika tano kwanza, asiwe ametoka chooni wala hajamaliza kugombana na dripu. Geuza kiganja chake juu. Weka vidole vyako viwili, cha shahada na cha kati, chini ya dole gumba lake, kwenye kijibonde kati ya mfupa na kano. Usitumie dole gumba lako, lina mapigo yake na utajihesabu mwenyewe. Bonyeza polepole mpaka uyasikie, hesabu sekunde 30 kwa saa ya simu, zidisha kwa mbili. Yakiwa yanaruka bila mpangilio, hesabu dakika nzima, na mwambie nesi kwamba hayana mpangilio, hasa kwa mzee ambaye hakuwa hivyo kabla. Sikia pia nguvu yake. Maumivu hugonga kidole. Damu ikipungua mapigo yanakuwa membamba kama uzi, unabonyeza kidogo tu yanapotea.

Wenye kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, kumbuka kinatoa namba mbili. Iliyoandikwa SpO2 ni oksijeni, na PR ni mapigo. Nimeitwa kitandani na kijana aliyepiga ukunga kwamba oksijeni ya mama yake ni 88, kumbe ni mapigo, na oksijeni ni 97. Kifaa hicho kinapata shida pia kwenye mikono ya baridi, kucha za rangi na vidole vilivyopakwa hina nyeusi, na mama zetu wa pwani huenda kujifungua wamepambwa mpaka ncha za vidole. Kikikupa namba ya ajabu, jaribu kidole kingine, kisha thibitisha kwa mkono wako.

Lipo kundi la wagonjwa ambalo mapigo hayawezi kukuambia ukweli: wanaotumia atenololi, propranololi na jamaa zake kwa ajili ya presha au moyo. Dawa hizi zinaufunga moyo usikimbie. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuvuja damu akiwa na mapigo 85 na ukadhani ametulia. Kwake angalia mkojo, ubaridi wa mikono, kupumua na akili. Na kinyume chake kipo: mgonjwa aliyezitumia miaka mingi, ndugu wakasahau kuzitaja, zikakatika ghafla siku ya upasuaji, mapigo yanaweza kupanda kwa sababu hiyo tu. Mpeleke mgonjwa hospitali na pakiti zake zote za dawa.

Nyumbani mambo yanabadilika, kwa sababu muda umepita. Siku ya kwanza mapigo ya juu yana sababu nyingi za heri. Kufikia siku ya tano sababu hizo zimekwisha, kwa hiyo mapigo yaliyokuwa yameshuka yakarudi kupanda yana uzito kuliko yale ambayo hayajawahi kushuka. Yakija na homa ya 38 au zaidi, kidonda kinachotoa usaha au uchafu wa uzazi unaonuka, fikiria maambukizi, na siku hiyohiyo rudi hospitali. Yakija na kubanwa kifua au pumzi fupi, usisubiri hata saa moja.

Jirani yangu alitolewa uvimbe kwenye kizazi, akaruhusiwa akiwa na mapigo 84. Siku ya nane akanipigia simu: "Mwalimu wangu, nikienda jikoni tu moyo unadunda kama nimekimbia." Alizoea kuniita hivyo kwa sababu namfundisha mwanawe madrasa. Nikamwambia aketi dakika tano, kisha ahesabu. 118, ameketi. Nikamsikia anakata sentensi katikati ili avute pumzi. Nikamuuliza miguu, akasema wa kushoto umejaa kwenye shavu la mguu na unauma akiukanyaga, alidhani ni kulala sana. Damu iliyoganda kwenye mguu ikikatika kipande kikakimbilia mapafuni, dalili ya kwanza inaweza kuwa hiyo tu, moyo kwenda mbio bila maumivu mapya na pumzi kuwa fupi. Nilimwambia asitembee hata mpaka barabarani, mume alete bajaji mlangoni, na wafike hospitali wakitaja maneno matatu: upasuaji, mguu, pumzi. Walimwanzishia sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda usiku uleule.

Wasomaji huniomba namba moja ya kukumbuka. Kwa mtu mzima aliyetulia kitandani, 120 na kuendelea haistahili kuachwa bila daktari, hata kama anasema hajambo. Kati ya 100 na 120, nampa dawa ya maumivu, namwangalia kibofu, nampima joto, narudi baada ya nusu saa. Yakishuka, naendelea na kazi. Yakibaki au kupanda, naanza kutafuta. Na namba yoyote, hata 95, ikiambatana na jasho la baridi, kuchanganyikiwa, kuzimia, kubanwa kifua, kupumua zaidi ya mara 24 au mkojo kukauka, sitazami tena namba, namwita daktari.

Juzi mtoto wa mdogo wangu ametimiza miezi saba. Mdogo wangu alinipa mkono wake mwenyewe kabla sijaondoka, akitaka nimhesabu, kama mchezo wetu. Nikakaa naye kizingitini, nikahesabu dakika nzima kwa saa ya simu. 72.